Kocha kaongea dakika moja tu hafu taimu tukiwa nyuma 2-0, grupu la timu limegawanyika. Nyie mnaonaje?

BekiTatu
Wakuu salama. Jumapili tulikuwa na mechi ya mtaa, mi nacheza tatu. Hafu ya kwanza tumepigwa mbili na kwa jinsi tulivyokuwa tunachezewa zingefika hata nne. Tukaenda chini ya mwembe, kila mtu anamlaumu mwenzake, kipa anamfokea beki wa kati, winga anataka kuvua jezi aende zake. Kocha wetu ni mzee mmoja mstaafu, haongeagi sana. Akaacha watu wafokeane wee mpaka wakachoka wenyewe, ndo akafungua mdomo. Nayaweka kama alivyosema, sita na kumi ni namba za wachezaji:

"Kaeni. Maji."
"Nani kaumia?"
(kimya)
"Mabao yote mawili yameanzia kwa sita wao."
"Akipokea anageuka. Akigeuka tumekwisha."
"Asigeuke."
"Kumi, uko mgongoni kwake. Popote aendapo."
"Wengine, mpira ukienda kwake pandeni hatua tano."
"Sita wao afanyweje?"
Sisi: "Asigeuke."
"Haya, inukeni."

Basi. Tukarudi, tukapata bao la kwanza mapema, la pili likaja kabla hata jasho halijakauka, 2-2. Sasa mwishoni wakatufunga la tatu mechi ikaisha 3-2. Toka juzi grupuni ni vita, nusu wanasema kocha hana maneno ya kutia moyo ndo maana tumefungwa, nusu (mi nimo) tunasema yale maneno ndo yaliturudisha. Wajuzi semeni.

MnyamaOriginal
Mmefungwa halafu unaleta uzi wa kumsifia kocha 😂😂 mtaa wenu una mambo

KochaMkavu
BekiTatu, kabla sijasema kitu naomba unijibu mawili. Huyo sita wao alikuwa anapokelea mpira wapi hafu ya kwanza, na hilo bao la tatu lilianzia kwa nani? Usiniambie alifunga nani, niambie lilianzia kwa nani.

MamaMachungwa
Mimi nafikiri shida ni maji. Mkiwapa wachezaji maji ya baridi sana hafu taimu tumbo linawabana. Timu ya wanangu nawakatia machungwa, kila mtu vipande viwili, na maji ya kawaida anakunywa kidogo kidogo. Mpeni kocha wenu huo ushauri.

BekiTatu
Mama asante ila swali lilikuwa la maneno sio maji 😀
KochaMkavu: alikuwa anasimama kati ya kumi wetu na viungo wetu wawili, peke yake kabisa, mabeki wao wanampa, anageuka anatutazama, anachagua winga wa kumpigia. Bao la tatu nalo lilianzia kwake, ila alikuwa ameshuka nyuma sana, yuko katikati ya mabeki wao kama beki wa tatu, akapiga mpira mrefu nyuma yangu. Ndio, nyuma yangu, msianze.

KochaMkavu
Hapo sasa umenipa picha nzima.

Mzee wenu ni mwalimu hasa. Makocha wengi wa mtaani hafu taimu wanaongelea pale bao lilipoingia, beki kalala, kipa katoka vibaya, na maneno hayo hayamsaidii mtu maana bao limeshaingia. Yeye karudi nyuma pasi tatu nne akatafuta mabao yote mawili yanakutana wapi, akamkuta sita. Kazi hiyo huwezi kuifanya chini ya mwembe watu wakifoka, lazima uwe umeshaimaliza dakika ya arobaini ukiwa bado umesimama pembeni ya uwanja. Mi huwa naandika neno moja kiganjani kwa peni kabla filimbi haijalia. Nikishindwa kulipata hilo neno najua sina cha kuwaambia, nitawapa maji na kubadili mtu mmoja, basi.

Halafu angalia kazi yenyewe. "Asigeuke" unaiona kwa macho. Dakika tano za hafu ya pili unahesabu tu, sita kapokea mara ngapi, na mpira ukitoka kwake unaenda wapi. Ukiona unarudi kwa mabeki wake au kwa kipa, kazi inafanyika. Ukiona bado unaenda mbele, namba kumi wako hajasikia au hawezi, mtoe. Sasa mwambie mtu "tuongeze bidii", utaipimaje? Kila mmoja atakimbia zaidi upande wake na mashimo yataongezeka.

Ila hiyo kazi ina mwisho wake, na hapo ndipo mlipofia. Yule sita alipoona anabanwa mgongoni akashuka kwa mabeki wake. Akiwa pale hana haja ya kugeuka, uso wake tayari uko kwenu. Kumi wenu bila shaka alimfuata mpaka huko kwa sababu kaambiwa "popote", si ndiyo?

BekiTatu
Ndiyo, alimfuata. Na ulimi nje, dakika za mwisho alikuwa anatembea.

MnyamaOriginal
KochaMkavu umeongea vizuri lakini mi naamini hotuba tupu. Mwaka 2012 Yanga walitufunga Simba tatu hafu taimu, kocha wetu Kibadeni akaingia vyumbani akawachana wachezaji live, tukarudi tukashinda 4-3. Moyo ule ndo uliofanya kazi, sio mambo ya sita na kumi.

KijaniNaNjano
Ushinde 4-3 lini wewe mkia 😂😂😂 Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 2013, uwanja wa Taifa, na iliisha 3-3. Ngassa moja, Kiiza mbili, tukaenda mapumziko tumeshapanga foleni ya pilau. Mkarudi mkapata sare tu, sare mnaisherehekea kama kombe.

MnyamaOriginal
Sawa 2013, na sare sawa, lakini mlikaa kimya njia nzima mpaka Jangwani. Mwombeki, Owino, Kaze. Mabeki wawili wamewafunga nyie, sio mafowadi, mabeki!

KijaniNaNjano
Tuliridhika, basi. Hakuna hotuba ya mtu. Ukiwa mbele tatu bila na mtani wako unaanza kupiga visigino. Huu uzi ungekuwa wa kocha wa timu inayoongoza, yeye ndo alitakiwa aseme nini siku ile? Hilo hamjiulizi.

KochaMkavu
KijaniNaNjano una hoja. Ila hapo kuna kitu nyote mnakiruka. Siku ile Simba waliingiza vijana, Ndemla na Lucian, na katikati ya uwanja kukabadilika. Mi sikuwemo chumbani na nyie hamkuwemo, kwa hiyo maneno ya Kibadeni hatuyajui, tunachojua ni watu walioingia na walichokwenda kufanya uwanjani. Kwangu mimi kubadilisha mchezaji ni sentensi pia, tena fupi kuliko zote. Dogo kiungo akiingia, timu nzima inaelewa kocha anataka mpira ukae katikati, hata kama hajasema neno.

AnfieldMbeya
Mnaongea ya Taifa mmesahau mama yao, Istanbul 2005, fainali ya Ulaya. Milan wanaongoza Liverpool tatu bila hafu taimu, Maldini kafunga dakika ya kwanza tu, Crespo kaongeza mbili. Benitez akamtoa Traore akamuingiza Hamann, ndani ya dakika sita mabao matatu. Hotuba ile ingewekwa kwenye mitaala.

Dalmas254
AnfieldMbeya umekaribia lakini si hivyo bana. Traore ni kweli aliambiwa anatoka, akaenda mpaka kuoga. Halafu fizio wa timu akasema Finnan ameumia hawezi kuendelea, ndo Traore akarudishwa mbio avae viatu tena, akatoka Finnan. Na kwenye ubao Benitez alijikuta ameandika wachezaji kumi na wawili, hii wachezaji wenyewe wameisimulia sana. Kwa hiyo hiyo hafu taimu ilikuwa fujo kidogo, sio hotuba tamu ya sinema. Hata Kiingereza chake wakati huo kilikuwa bado kinamsumbua, na labda ndio maana maneno yalikuwa machache.

AnfieldMbeya
Duh hiyo ya kuoga sikuijua. Asante Dalmas.

KochaMkavu
Dalmas254 kaweka sawa. Na mnaona inavyofanana na ya BekiTatu? Shida ya Liverpool ilikuwa Kaka anapokea kati ya viungo na mabeki na anageuka. Dawa ikawa Hamann akae pale na Alonso, mabeki wabaki watatu, Gerrard apande juu. Kazi kubwa ni moja, pale Kaka anapopokelea pawe na mtu. Hao wengine wote ni kupisha hiyo kazi.

Lakini sikilizeni mwisho wake, maana huwa hausimuliwi. Kwenye dakika za themanini Milan wakamuingiza Serginho pembeni, ana mbio, anapiga krosi. Mpango wa hafu taimu haukuwa na jibu la Serginho. Gerrard huyohuyo aliyepandishwa juu na kufunga la kwanza akashushwa kwenda kucheza kulia kumkaba. Yaani kocha alibadili tena. Ya mapumziko ilikuwa imeshatumika ikaisha. BekiTatu, mzee wenu sita alipokwenda kwa mabeki wake alisema nini kutoka benchi?

BekiTatu
Alipiga kelele "mwache! mwache!" lakini kumi alikuwa upande wa pili wa uwanja na kuna spika ya mtu wa maji ya miwa, hakusikia kitu.

MnyamaOriginal
Kumbe mlifungwa na muuza miwa 😂

Salum_Kipa
Mi nacheza golini miaka mingi na naona wote mnazungusha. Mechi za mtaa saa kumi na nusu, hafu ya pili kuna kipa mmoja jua lote liko machoni. BekiTatu, hafu ya pili mlikuwa mnashambulia upande gani? Nina uhakika kipa wao alikuwa anatazama magharibi. Mpira wa juu hauuoni mpaka ufike, mabao ya haraka haraka yanatokea hivyo, halafu jua likishuka nyuma ya nyumba mambo yanarudi kawaida. Hotuba haihusiki.

BekiTatu
Kweli kipa wao alikuwa anatazama jua. Ila bao la kwanza lilikuwa la chini chini, kumi alimpokonya sita, akampa straika, kwisha. La pili ndo kona, hilo nakuachia.

Salum_Kipa
Basi moja la kocha moja la jua. Nimeridhika.

TichaNetiboli
Habari zenu wachangiaji. Mimi nafundisha netiboli ya wasichana shuleni. Sisi tuna robo nne za dakika 15, kwa hiyo mapumziko ni matatu na mafupi mno, huna muda wa hadithi. Nilikuwa na tabia ya kumwambia kila mchezaji lake, senta fanya hivi, wewe unayefunga fanya hivi, mlinzi vile, wakirudi uwanjani nawaona wanaangaliana. Sasa natoa moja, kwa mfano "pasi ya pili isiende pembeni", halafu namchagua yule anayeelewa taratibu kuliko wote, namuuliza anieleze kwa maneno yake. Yeye akiweza wote wameelewa. Kocha wa BekiTatu aliuliza timu nzima ikajibu kwa pamoja, hapo mi sikubaliani naye, maana kwenye kwaya hujui nani anaimba na nani anafumbua mdomo tu. Alitakiwa amuulize kumi peke yake.

KochaMkavu
TichaNetiboli hapo umenizidi. Nitaiba hiyo.

Dalmas254
Mi swali langu ni tofauti. Kocha kusema "asigeuke" ni kumwambia mtu kitu cha kuzuia. Huku kwetu Kakamega kocha aliyetufunza alikuwa mkali sana kwa hili, anataka useme afanye nini: "mpeleke nyuma", "mpeleke kushoto". Anasema mchezaji akiambiwa asifanye jambo anakaa anaogopa tu. Na hapa namba kumi angejua nia ni kumrudisha sita nyuma, basi sita mwenyewe akienda nyuma kazi imeisha, anamwacha. Lakini kaambiwa "popote", akamfuata hadi jikoni.

KochaMkavu
Sikubali wala sikatai. Kwa mchezaji mzoefu "mpeleke nyuma" ni bora, ana akili ya kujua imetosha. Kwa kijana wa mtaa ambaye hata fomesheni haijui, neno "asigeuke" analibeba kichwani hata akiwa amechoka. Kosa naliona kwenye "popote". Mi ningesema "mpaka mstari wa kati". Akishuka zaidi ya hapo muachie straika.

TichaNetiboli
Lakini hapo umeshaongeza sharti. Kazi moja inaanza kuwa mbili. Na zile "hatua tano" nazo mzee alizisema, kwa hiyo kusema ukweli tangu mwanzo zilikuwa mbili.

KochaMkavu
Hatua tano ni kazi ileile kwa wengine, Ticha. Kumi akimbana sita huku mabeki wamebaki nyuma, kuna shamba zima katikati yao, sita anapiga mpira wa kwanza bila kugeuka na unakuta mtu yuko peke yake. Kubana kwa mtu mmoja hakufai kitu wengine wasiposogea.

BekiTatu
Ila ndo hizo hatua tano zilizofanya mpira wa bao la tatu upite nyuma yangu. Nilikuwa nimepanda kama nilivyoagizwa, sita hana mtu mbele yake, ana muda wa kuangalia, akanipigia mgongoni. Grupuni wananiambia mi ndo nimefungisha, nawaambia nilitii.

Salum_Kipa
Utii gani huo, mpira usipobanwa beki anarudi. Hilo halihitaji kocha. Sita akiwa huru na kichwa juu, wewe unaanza kurudi kabla hajapiga. Kipa wako hakukuambia?

BekiTatu
Kipa alikuwa bado ana hasira na beki wa kati tangu hafu ya kwanza, haongei na mtu.

MnyamaOriginal
😂😂😂 hii timu nitakuja kuiangalia

RefaBinti
Mimi nachezesha mechi za wilaya, niongeze la muda tu. Sheria inasema mapumziko yasizidi dakika 15, lakini mechi za mtaa jua likiwa linazama tunakubaliana kumi au hata chini ya hapo. Toa muda wa kutembea kutoka uwanjani, wa kujisaidia, wa kufunga bandeji, kinachobaki ni kidogo sana. Nasimama pale katikati nasubiri, naziona timu zote mbili. Ninachokiona mara nyingi, timu inayoongoza kocha wake anaongea mpaka nawapigia filimbi mara mbili ndo wanakuja, wakati wale waliofungwa wameshasimama uwanjani wanasubiri, miili imeanza kupoa. Sasa sijui nani ananufaika. Mara nyingine waliochelewa ndio wanaofungwa mapema, mara nyingine hapana.

KijaniNaNjano
Dada Refa nyie si ndo mnatuongezeaga dakika saba zisizo na sababu, leo unajidai mwalimu wa muda 😂

RefaBinti
Mkipoteza muda nitaongeza, uwe unaongoza usiwe unaongoza.

MzeeWaUpepo
Nimesoma yote. Hakuna aliyesema jambo moja, timu ikiwa nyuma 2-0 haina cha kupoteza, inacheza bure bila woga, inayoongoza inaanza kuhesabu dakika. Kocha angeimba hata wimbo wa taifa mngerudi vilevile. Dakika 20 za kwanza za hafu ya pili ni za aliyefungwa, nimeangalia mpira toka enzi za Sunday Manara.

KochaMkavu
Mzee, shikamoo. Ingekuwa hivyo kila aliye nyuma mbili angesawazisha, na wengi tunajua wanaishia kupigwa nne. Kutokuwa na woga kunakupa mbio, hakukuambii mbio uzipeleke wapi. Hao vijana walimpokonya sita mpira palepale walipoambiwa.

MzeeWaUpepo
Marahaba. Mara moja walimpokonya. Mara moja si ushahidi.

Dalmas254
Hapo Mzee amekushika 😄

KochaMkavu
Kanishika kidogo. BekiTatu, mlimbana mara ngapi mnakumbuka? Kuna mtu alirekodi kwa simu?

BekiTatu
Kuna dogo alirekodi hafu ya pili yote ila kamera imemfuata dada mmoja wa upande wa pili zaidi ya mpira. Nitaangalia kinachoonekana nihesabu. Halafu kocha kasema mazoezi ya Jumatano kumi atacheza beki na mi nitacheza kumi, sijui ni adhabu au ni nini.

AnfieldMbeya
Ni adhabu ya kumi hiyo.

MamaMachungwa
Kama Jumatano mko uwanja wa karibu na sokoni nitapita na machungwa, semeni mko wangapi.